Maswali ya nadharia ya muziki kwa SMS, bila mistari mitano

Kwaya yangu ina watu wengi wa kitochi. Picha ya noti haifiki kwao, na hata ingefika wengi wamekulia kwenye solfa. Nikaamua kuwatungia maswali ya nadharia kwa maneno matupu, nitume kwa SMS, kifurushi cha bei ya soda kinatosha wiki nzima.

Mpiga kinanda mmoja mkongwe akanicheka. Akasema kama ni lazima, basi niachane na majina ya noti, niulize intavo, yaani umbali kati ya noti mbili, kwa nusu toni tu: "Namba haidanganyi, mwalimu." Nikamsikiliza, maana ni mtu mzima. Swali likaenda hivi: intavo yenye nusu toni sita inaitwaje?

Mazoezi ya Jumamosi hayakuanza kwa wakati. Dada mmoja wa alto alijibu nne iliyoongezwa, kaka wa besi akajibu tano iliyopunguzwa, na kila mmoja alikuwa na ushahidi. Alto akaimba fa kupanda hadi ti: fa, so, la, ti, majina manne, nusu toni sita. Besi akaimba ti kupanda hadi fa ya juu: ti, do, re, mi, fa, majina matano, nusu toni sita vilevile. Wote wamepata! Mkongwe wangu alikuwa pale kwenye kinanda, akajifanya anatafuta ukurasa wa wimbo.

Namba kweli haidanganyi, ila haitoshi. Jina la intavo lina sehemu mbili. Tatu, nne au sita inatoka kwenye kuhesabu herufi, na meja au maina inatoka kwenye nusu toni. Kwenye karatasi jicho linaona herufi zenyewe. Kwenye SMS usipozitaja hazipo.

Na kuzitaja peke yake bado ni mtego. Ukiuliza "kati ya C na A kuna intavo gani?", anayepanda kutoka C anapata sita meja, anayeshuka anapata tatu maina, na huna haki ya kumkosesha yeyote. Kwa hiyo swali langu sasa linasomeka hivi: "Anza C, panda hadi A iliyo karibu zaidi. Ni intavo gani?" Neno "panda" na neno "karibu" siyatoi hata nikibanwa na herufi za SMS.

Utamu uko kwenye majibu ya kuchagua. Sipachiki majibu ya uongo hovyo. Kila moja limetoka kwenye kosa ninalolijua. Kwa swali hilo natoa manne. Sita meja ndilo sahihi: herufi sita, nusu toni tisa. Anayechagua tano hakuhesabu C ya kuanzia, na huo ndio ugonjwa wa wanaoanza karibu wote. Anayechagua tatu maina ameshuka badala ya kupanda. Anayechagua sita maina herufi amezipata, ila amepoteza nusu toni moja njiani, mara nyingi kwa kuruka kibao cheusi kimoja. Nikisoma jibu najua nimpigie simu kumwambia nini.

Skeli hazikunisumbua. Siulizi D meja ina shapu ngapi, hilo mtu analikariri kama meza ya kuzidisha. Naandika skeli yenye kasoro: "D, E, F, G, A, B, C shapu, D. Rekebisha noti moja iwe meja." Mtu wa solfa anaipanga do, re, mi kichwani, anakumbuka nusu toni zinakaa mi na fa, ti na do, na F yenyewe inajitokeza: lazima iwe F shapu.

Kwenye mdundo, angalieni msije mkatunga hesabu za darasa la tatu. "Kipimo cha mapigo manne, noti zimeshika matatu, limebaki ngapi?" Hilo hata asiyejua kupiga makofi analijibu. Mimi nauliza noti inaanzia wapi. Kipimo cha mapigo manne: noti ya kwanza inashika pigo moja na nusu, ya pili nusu, ya tatu moja, ya nne moja. Noti ya pili inaanza wapi? Anayekimbilia "pigo la pili" hajaupiga mguu chini, kwa sababu inaanza katikati ya pigo hilo. Vivyo hivyo msiandike "noti sita za nusu pigo" mkaishia hapo. Semeni mguu unapiga mara tatu kwa noti mbili mbili, au mara mbili kwa noti tatu tatu. Ya kwanza ni 3/4, ya pili ni 6/8, na wachezaji wa kwaya wanazijua tofauti zake kwa kiuno kabla ya kichwa.

Ukiacha skeli na mdundo, mwisho wangu ni noti tano kwa swali. Nikizidisha, wanaanza kukosa kwa kusahau noti ya kwanza ilikuwa ipi, na hapo nakuwa napima kumbukumbu. Kodi za sauti nne sijazigusa kwa SMS. Hizo nawasubiri Jumamosi kwenye kinanda.