Kiinua mgongo cha 2014 na ada ya 2020: nilivyojua kiasi cha kutenga

Mkataba wangu kwenye mradi uliisha Desemba 2013, na kiinua mgongo kikaingia: milioni 11 na laki tano. Nyumba yetu Morogoro ilikuwa imefika kwenye lenta na inasubiri bati. Binti yetu alikuwa anaingia darasa la pili, maana yake kidato cha kwanza angekianza Januari 2020. Tulikuwa tumekubaliana asome sekondari ya bweni ya binafsi, kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: nifungie kiasi gani leo kwa ajili ya ada ya miaka minne, ili kinachobaki kiende kwenye bati bila wasiwasi?

Shule tuliyoilenga ilikuwa inatoza 2,400,000 kwa mwaka. Nikachukulia ada ingepanda kwa asilimia 4 kila mwaka, na kwa miaka sita hiyo inafika milioni tatu na kidogo. Nikaamua mfuko wangu utoe 3,000,000 kila Januari, kuanzia 2020 hadi 2023. Ada ikizidi hapo, nyongeza itoke kwenye mshahara.

Mume wangu alisema, "Mama, tatu mara nne ni kumi na mbili. Hatuna kumi na mbili." Ni kweli hatukuwa nazo, lakini shule haikuwa inaidai milioni 12 mwaka 2014. Kila milioni tatu ilikuwa na miaka yake ya kukaa benki na kuzaa kabla ya kulipwa. Benki ilikuwa inanipa asilimia 9 kwa fiksi ya mwaka mmoja. Serikali inakata kodi ya zuio asilimia 10 ya riba yenyewe, kwa hiyo mkononi inabaki 8.1. Nikapiga hesabu kwa 8.

Nilianza na kila ada peke yake. Ada ya Januari 2020 iko mbali miaka sita. Shilingi moja iliyowekwa kwa asilimia 8, riba ikizaa riba kwa miaka sita, inakuwa 1.587. Basi nagawanya 3,000,000 kwa hiyo, napata 1,890,509. Hicho ndicho kiasi cha 2014 ambacho chenyewe kingekua na kulipa kidato cha kwanza. Ada ya 2021 ina miaka saba ya kukua, kwa hiyo inahitaji 1,750,471 tu. Ya 2022 ni 1,620,807, na ya 2023 ni 1,500,747. Nikajumlisha zote nne: 6,762,534. Nilipomwonyesha mume wangu hiyo jumla alivuta kiti akakaa.

Mdogo wangu ni mhasibu, nikampigia ahakiki. Akanijibu baada ya muda mfupi, "Dada, umezidisha. Inatosha 6,261,605." Laki tano si pesa ndogo kwa mtu anayetafuta bati, kwa hiyo nilitamani sana awe sahihi. Lakini nimefanya kazi ya stoo miaka mingi, na kwangu hesabu haijaisha mpaka leja imefungwa. Nikachora mistari kwenye daftari: salio la Januari, toa ada, ongeza riba ya mwaka, shuka mstari unaofuata. Nikaanza na kiasi chake. Kufika Januari 2020 kulikuwa na 9,936,381, tukalipa ada ya kwanza, ya pili, ya tatu. Januari 2023 salio likasoma 1,998,642. Milioni moja imepungua, tena mwaka wa mtihani wa kidato cha nne.

Nikarudia kwa kiasi changu. Baada ya ada ya kwanza, ya pili na ya tatu salio lilikuwa 7,731,291, kisha 5,349,794, kisha 2,777,778. Hiyo ya mwisho ikiongezewa riba ya mwaka inakuwa milioni tatu kamili. Ada inalipwa, sifuri.

Tatizo la mdogo wangu lilikuwa dogo na linawapata wengi wanaotumia njia ya mkato. Kanuni ya malipo sawa, ile ya kwenye kompyuta pia, huhesabu kwamba kila malipo yanafanyika mwishoni mwa mwaka. Kwa hiyo thamani inayokupa si ya siku ya ada ya kwanza, ni ya mwaka mmoja kabla yake. Ada nne za milioni tatu kwa asilimia 8 zinakupa 9,936,381, na hiyo ni ya Januari 2019. Kutoka hapo kurudi Januari 2014 ni miaka mitano. Yeye alihesabu hadi 2020, akairudisha miaka sita. Kwenye Excel inaandikwa hivi:

```
=PV(8%,4,-3000000)/1.08^5
```

Ukipenda kurudisha miaka sita yote, inabidi uiambie kompyuta kwamba malipo yanaanza mwanzoni mwa mwaka. Jibu ni lilelile:

```
=PV(8%,4,-3000000,0,1)/1.08^6
```

Nikaweka 6,800,000, na milioni 4 na laki saba zikaenda kwenye paa. Benki nilisisitiza kitu kimoja kwa maandishi: fiksi ikiiva, ihuishwe pamoja na riba yake. Usiposema, riba mara nyingi inamwagwa kwenye akaunti ya kawaida, inaliwa, na hesabu yote ya riba kuzaa riba inakufa.

Kitu ambacho hakuna kanuni inayokulinda nacho ni riba kushuka. Kama 8 ingekuwa 6 tangu mwanzo, nilipaswa kutenga karibu 7,768,000, yaani milioni nzima zaidi. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa mbele wa daftari niliandika salio linalotakiwa kila Januari: 7,303,537 mwaka 2015, 7,887,820 mwaka 2016, na kuendelea. Kila fiksi ilipoiva nililinganisha. Januari 2018 benki ilishusha hadi asilimia 7, ambayo baada ya kodi ni 6.3. Mwaka uliofuata nilikuta 9,870,633 badala ya 9,936,381. Nikaongeza 66,000 siku hiyohiyo. Pengo hilo lingeachwa hadi 2023 lingekuwa karibu elfu tisini, si janga, lakini pengo la kila mwaka likirundikana ndilo linalogeuka milioni.

Katikati ya safari, mwaka 2016, serikali ilifuta ada kwa shule zake kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Majirani wakaniuliza kwa nini nisivunje fiksi. Tulilijadili nyumbani tukabaki na bweni, lakini naungama kwamba mwaka huo daftari lilikuwa gumu kulitazama.

Ada ya 2020 ilikuja 3,100,000, na ikapanda tena baadaye. Mfuko ulitoa milioni tatu zake, tofauti ikatoka mfukoni kama tulivyopanga. Sare, godoro na michango havikuwamo kwenye hesabu kabisa. Hivyo nilivikusanya 2019 kwa mshahara. Shule ilikubali awamu mbili, Januari na Julai, kwa hiyo nusu ya pili ya kila ada niliiweka kwenye fiksi ya miezi sita. Riba yake ndogo ndiyo ilikuwa inanunua madaftari.