Siku ya kuchimbia ethi Kigamboni

Saa kumi na mbili na robo asubuhi niko kwenye foleni ya pantoni, Magogoni, begi la vifaa mgongoni. Nyuma yangu kijana wangu wa kazi amebeba ethi rodi nne begani, fimbo za kupeleka umeme unaovuja ardhini, utadhani anakwenda kuuza miwa. Kila moja ina mita 1.2 na unene wa milimita 16, chuma kilichovishwa shaba. Nilizinunua jana Kariakoo, na duka la kwanza nilitoka mikono mitupu. Nilikwangua mwili wa rodi kwa tupa mara mbili tu, chuma kikachungulia. Rodi ya maana shaba yake ina unene wa robo milimita hivi. Ile ilikuwa imepakwa rangi ya shaba, basi. Muuzaji hakufurahi kuona tupa, lakini mimi bila tupa sinunui. Wengine huja na sumaku, na sumaku hapa haina kazi, maana hata rodi nzuri ndani ni chuma.

Tunakwenda Mjimwema. Mama mmoja alinipigia juzi akasema friji lake linamuuma akiligusa, na fundi aliyepita kabla yangu kamwambia anunue jingine.

Saa mbili kasoro tumefika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu, karibuni. Friji ndilo hilo, msiliguse."

Nikamuuliza linauma muda wote au kuna wakati. Akafikiri kidogo. "Mara nyingi nikiwasha pampu ya kisima kujaza tangi. Na siku hizo hata pasi inauma."

Hapo nikajua friji halina kosa. Nilichomeka kipande cha nondo kwenye mchanga uani, mbali na ukuta, nikaunga waya mmoja wa maltimita kwenye nondo na mwingine kwenye mwili wa friji. Pampu imezimwa: volti 2. Kijana akawasha pampu: volti 90. Nikamwambia azime mara moja, na nikashusha sakiti breka ya pampu kabisa. Volti 90 kwa mtu asiyevaa viatu, juu ya sakafu yenye maji, si jambo la kujaribu mara mbili.

Kinachotokea ni hivi. Waya wa ethi unaunganisha kila chuma ndani ya nyumba: friji, pasi, hita, pampu. Pampu ikivujisha umeme, umeme huo unafuata waya wa ethi kwenda kwenye rodi ili uingie ardhini. Rodi ikiwa mbovu, umeme unakosa pa kutokea, na waya wote wa ethi unapanda volti pamoja na kila kilichofungwa humo. Pampu inaumwa kisimani, friji linalia jikoni.

Saa tatu tukaitafuta ethi ya zamani. Nyuma ya nyumba, chini ya karo la kufulia, tulikuta nondo ya milimita 12 iliyozama nusu mita, waya umezungushwa kwa koleo mara tatu na kuota kutu. Sikuing'oa kwanza. Nilitaka nijue inasoma ngapi, ili mama aone tofauti kwa namba.

Kupima ethi kuna mambo mawili yanayorukwa sana. La kwanza ni kuifungua rodi kutoka kwenye nyumba, na kabla ya kuifungua unazima meni swichi, kwa sababu muda huo nyumba haina ethi. Ukipima waya ukiwa bado umefungwa, unapima pia chuma kingine chochote kinachogusa ardhi, na namba inatoka nzuri kuliko ukweli. La pili ni umbali. Mashine ya kupimia ethi ina nyaya tatu. E inakwenda kwenye rodi, C kwenye kijiti kilichochomekwa mita 20 kutoka kwenye rodi, na P kwenye kijiti kingine katikati yao, mita 12, vyote kwenye mstari mmoja. Mashine inapitisha mkondo kati ya E na C, halafu inasoma volti kati ya E na P, na kutokana na hizo mbili inatoa omu, yaani ardhi inauzuia umeme kiasi gani, na zikiwa chache ndiyo vizuri. Kiwanja cha mama hakifiki mita 20, kwa hiyo waya wa C ulitoka getini ukalala kando ya njia, na mjukuu wake akapewa kazi ya kuzuia bodaboda. Aliifanya kwa moyo wote.

Mara ya kwanza namba zilirukaruka. Ni mwezi wa pili, mchanga wa juu umekauka kama unga, kijiti cha C hakikupata mkondo wa kutosha. Nikamwagia nusu ndoo ya maji kwenye vijiti vyote viwili, ikatulia. Kumwagia vijiti maji ni halali, kwa kuwa vyenyewe havipimwi. Ukimwagia rodi, hapo unajidanganya mwenyewe.

Ikasoma 384. Nikasogeza P hadi mita 10: 379. Mita 14: 390. Ukisogeza P na namba zikabaki karibukaribu hivyo, kipimo unaweza kukiamini. Zikipishana sana, C iko karibu mno, au chini kuna bomba la chuma linakuchezea.

Mama alikuwa anasikiliza. "Mbona yule fundi alifunga balbu kwenye hiyo nondo ikawaka, akasema ethi nzima?"

Swali zuri, na mafundi wengi mjini wanapima hivyohivyo, waya mmoja wa balbu kwenye waya wa moto, mwingine kwenye ethi. Balbu ya wati 60 yenyewe ina omu kama 880. Ukiiunga na ethi ya 384 bado inapata volti 160 hivi, inawaka, nyekundu kidogo tu. Na zile volti 70 zinazobaki zinakaa kwenye nondo, karibu na miguu ya anayepima. Maltimita ndiyo kabisa, haivuti mkondo wowote wa maana, kwa hiyo itakuonyesha 230 hata ethi ikiwa hoi. Nilimweleza mama kwa mfano wa bomba: tone likitoka si ushahidi kwamba tangi litajaa.

Saa nne na nusu tukaanza kugonga. Nilichagua pembe ya kaskazini ya nyumba, mbali na shimo la choo na bomba la maji, tukachimba kishimo cha sentimita 40 kwanza. Rodi ya kwanza ilizama kwa dakika kumi. Ncha ya juu inafungwa kichwa cha kugongea, usipige uzi wake kwa nyundo, ukibonyea, kapla ya kuungia rodi inayofuata haitaingia tena. Nikapima: 178. Tukafunga kapla, rodi ya pili ikafuata, tukawa mita 2.4 chini. Nikapima tena: 62.

Kwenye udongo wa aina moja, kuongeza urefu mara mbili hushusha omu kufika kama asilimia 56 ya za mwanzo, yaani ningetarajia 100. Hii imeshuka zaidi kwa sababu tumefika kwenye mchanga wenye maji. Ndiyo faida ya Kigamboni: juu jangwa, chini unyevu, na unyevu wa chini haukauki haraka kiangazi kikikaza.

Tamaa ikanipeleka kwenye rodi ya tatu. Iliingia sentimita 20 halafu nyundo ikaanza kurudi, sauti ikabadilika kutoka "pu" kuwa "ting". Jiwe la matumbawe. Kijana akataka kuendelea. Nikamzuia, maana ukilazimisha rodi inapinda huko chini au uzi wa kapla unakatika na hutajua. Tukachimba hadi kwenye kapla, tukaifungua ya tatu kwa spana ya bomba. Nusu saa imekwenda, na mgongo nao.

Mama akatuletea wali na samaki. Jirani aliyekuja kuangalia akashauri tumwage chumvi na mkaa. Kwa heshima zote nilikataa. Chumvi inashusha omu kweli, ila mvua za masika zinaiosha, na kabla haijaondoka inakula shaba na klampu.

Mchana tukaenda mita tano upande wa pili, tukazamisha rodi mbili zilizobaki kwa kapla. Zenyewe: 66. Umbali huo una sababu. Rodi mbili zikikaribiana zinagombania udongo uleule, kwa hiyo ziachane angalau kwa urefu wake, na mara mbili ya urefu ni bora. Nikaziunganisha kwa waya wa kijani na njano wa milimita 16 za mraba, klampu za shaba. Kipimo cha pamoja: 35. Hata kwa mita tano hazikutoa nusu kamili.

Saa tisa, sehemu ambayo wateja wengi hawataki kulipia. Mama alifurahi kutoka 384 hadi 35, akadhani kazi imekwisha. Nikamwonyesha hesabu kwenye boksi la sigara. Waya wa moto ukigusa mwili wa friji, 230 gawa kwa 35 ni ampea 6.6. Sakiti breka ya soketi zake ni ya ampea 32, na ya aina yake inahitaji kama ampea 160 ili ikate papo hapo. Kwa 6.6 itakaa tu, na friji litakuwa na volti karibu zote. Ethi ya fimbo, hata iwe nzuri, peke yake haikati umeme nyumbani. Kinachokata ni kile kifaa kilichoandikwa RCCB, cha miliampea 30. Chenyewe kinalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua kidogo tu, kinashuka.

Tukafunga. Nikabonyeza kitufe cha T, kikashuka, lakini kitufe hicho kinajaribu kifaa chenyewe tu, kitashuka hata nyumba isipokuwa na rodi. Jaribio la kweli lilikuwa pampu. Nikamwita mama asimame mbali na vyuma, nikapandisha breka ya pampu. RCCB ikaanguka kabla pampu haijatoa hata mlio. Nikazifungua nyaya za pampu, nikazipima kwa mega, inayopima kama ganda la waya linazuia umeme: sufuri, halizuii kabisa. Nikaziacha zimefungwa pembeni, na kwenye mlango wa boksi la breka nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: omu 35, mwezi wa pili, kiangazi.

Saa mbili usiku nimeshaoga, simu ikaingia. Fundi wa pampu ametuma picha. Kiungo cha waya, mita nne chini ya maji, kimefungwa kwa tepu nyeusi ya kawaida.