Kosa la sentensi moja katika kumbukumbu za kikao, na barua niliyomwandikia Mwenyekiti

Nilikuwa nimeshasambaza rasimu ya kumbukumbu za kikao cha bodi kwa siku sita nilipogundua kwamba sentensi moja ndani yake haikuwa kweli. Meneja fedha aliniomba dondoo ya azimio la kupanga ghala, kwa sababu wakili wa mwenye ghala alitaka uthibitisho kwamba bodi imeridhia. Dondoo hutolewa neno kwa neno, na mimi kama katibu wa bodi ndiye ninayeiwekea sahihi, kwa hiyo nilifungua rasimu na kuisoma taratibu.

Aya ya 6.4 ilisema: "Wajumbe wote sita waliohudhuria waliridhia kwa kauli moja Kampuni kuingia mkataba wa kupanga ghala." Nikarudi kwenye ajenda ya 2, ya kutangaza maslahi. Hapo nilikuwa nimeandika mwenyewe kwamba mjumbe mmoja alitangaza kuwa ana hisa katika kampuni inayomiliki ghala hilo hilo, na kwamba atatoka mjadala wake utakapofika. Kurasa mbili zilikuwa zinapingana, na zote mbili niliziandika mimi.

Chanzo cha kosa nilikijua papo hapo. Maneno "wajumbe wote" na "waliridhia kwa kauli moja" yalikuwamo kwenye kiolezo ninachotumia, na nilikuwa nimeandika rasimu siku nne baada ya kikao, nikiwa na orodha ya mahudhurio mbele yangu badala ya daftari langu. Mahudhurio yalionyesha watu sita, nikaandika sita. Lakini orodha ya mahudhurio inasema nani alifika kikaoni tu. Haisemi nani alikuwa ndani ya ukumbi wakati wa ajenda fulani.

Mtu asiyefanya kazi hii anaweza kuona ni jambo dogo, maana ghala lingepangwa tu. Kumbe kumbukumbu zikishathibitishwa na kuwekwa sahihi na mwenyekiti, ndizo zinazochukuliwa kuwa ushahidi wa kilichotokea hadi mtu athibitishe vingine. Sentensi yangu ingemfanya mjumbe aliyejitoa kwa uaminifu aonekane amepiga kura kwenye biashara yake mwenyewe. Ingemwonea yeye, na ingempa mwanahisa yeyote mwenye malalamiko sababu ya kuupinga mkataba.

Kabla ya kumwambia mtu yeyote nilifanya ukaguzi wangu. Nilichukua daftari la kikao, ambalo kwa bahati lilikuwa bado lipo, kwani huwa situpi maandishi ya mkono kabla kumbukumbu hazijathibitishwa. Pembeni mwa ukurasa niliandika: "ametoka 5:10, amerudi 5:35." Kisha nikaangalia akidi, kwa sababu nilijua hilo ndilo swali la kwanza nitakaloulizwa. Katiba ya kampuni yetu inataka wajumbe wanne, na inasema mjumbe mwenye maslahi hahesabiki kwenye akidi ya jambo hilo wala hapigi kura. Waliohudhuria walikuwa sita, toa mmoja, wanabaki watano. Hata hivyo nilikumbuka kwamba mjumbe mwingine aliondoka mapema siku ile, na kama aliondoka kabla ya ajenda ya 6 tungebaki na wanne kamili, bila hata mmoja wa ziada. Daftari likaonyesha aliondoka katikati ya ajenda ya 8. Watano, basi. Uamuzi ulikuwa salama, ila maelezo yake ndiyo yaliyokosewa.

Ukaguzi wa pili ulikuwa wa kujua rasimu imefika wapi. Mimi niliituma kwa wajumbe saba na meneja fedha. Nilipomuuliza, akaniambia amempa mkaguzi wa nje nakala iliyochapishwa. Dondoo ya wakili haikuwa imetoka, nikaisimamisha.

Hapo kuna njia ya mkato ambayo nimeiona ikitumiwa, na naielewa kwa nini inavutia: kurekebisha sentensi kimya kimya na kutuma faili upya lenye jina lile lile, ukiandika "tafadhali tumieni hili". Sikuifanya. Kungekuwa na matoleo mawili yanayofanana kwa sura, na siku ya kuthibitisha hakuna ambaye angejua ameshika lipi. Zaidi ya hapo, rasimu ikishasambazwa si mali ya katibu peke yake tena. Bodi ndiyo inayosema kumbukumbu ni sahihi au si sahihi. Kazi yangu ni kuonyesha kosa na kupendekeza, na wa kwanza kuonyeshwa ni mwenyekiti, kwa kuwa ndiye atakayeweka sahihi.

Nilimpigia simu kwanza, nisimshtue kwa barua.

"Shikamoo Mwenyekiti. Nimeona kosa kwenye rasimu ya kumbukumbu, ajenda ya ghala. Nakuletea barua leo."

"Marahaba. Uamuzi wenyewe umeharibika?"

"Hapana, Mwenyekiti. Akidi ilitimia bila mjumbe mwenye maslahi. Nimekosea kuandika nani aliamua."

"Basi iandike hivyo hivyo ulivyosema."

Hata hivyo rasimu yangu ya kwanza ya barua ilikuwa kurasa mbili, na nusu yake ilikuwa kuomba radhi na kueleza habari za kiolezo. Nikaifuta. Mwenyekiti anahitaji kujua nini kimeandikwa, nini kilitokea, najuaje, kina athari gani, na anaombwa afanye nini. Nilitosheka na sentensi moja ya kukiri. Hii ndiyo barua iliyokwenda, majina nimeyaacha:

"YAH: MAREKEBISHO YA RASIMU YA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA BODI, AYA YA 6.4

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Rasimu niliyoisambaza ina kosa katika aya ya 6.4, inayosomeka: 'Wajumbe wote sita waliohudhuria waliridhia kwa kauli moja Kampuni kuingia mkataba wa kupanga ghala.' Mjumbe aliyetangaza maslahi katika ajenda ya 2 alitoka ukumbini saa 5:10 asubuhi, kabla ya mjadala kuanza, na kurejea saa 5:35 baada ya uamuzi. Hakujadili wala hakupiga kura. Hayo yamo katika maandishi yangu ya kikao, ambayo nimeambatanisha nakala yake, na yanalingana na aya ya 2.1 ya rasimu hiyo hiyo. Kosa ni la uandishi, na ni langu.

Napendekeza aya isomeke: 'Mjumbe aliyetangaza maslahi alitoka ukumbini saa 5:10 asubuhi. Wajumbe watano waliobaki, ambao walitimiza akidi, waliridhia kwa kauli moja Kampuni kuingia mkataba wa kupanga ghala. Mjumbe huyo alirejea saa 5:35.'

Marekebisho haya hayabadili uamuzi wa Bodi. Akidi kwa mujibu wa Katiba ya Kampuni ni wajumbe wanne bila kumhesabu mwenye maslahi.

Naomba ridhaa yako niwaarifu wajumbe wote kwa maandishi, nimwarifu mkaguzi wa nje ambaye amepata nakala ya rasimu, na niliweke pendekezo hili mbele ya Bodi wakati wa kuthibitisha kumbukumbu katika kikao kijacho. Dondoo ya azimio nimeizuia hadi hapo."

Neno nililolitafakari zaidi ni "waliobaki, ambao walitimiza akidi". Ningeweza kuandika "wajumbe watano waliridhia" nikaishia hapo, na ingekuwa kweli. Lakini msomaji wa miaka mitano ijayo hatakuwa na katiba ya leo mkononi, na swali la akidi ndilo atakaloanza nalo. Muda wa kutoka na kurudi nao niliuweka kwa sababu hiyo: maneno "alitoka" peke yake hayasemi kama alisikia mjadala kwanza.

Mwenyekiti aliridhia siku hiyo hiyo, ila alibadili jambo moja. Mimi nilitaka kumpigia simu mjumbe mwenye maslahi kabla ya wengine, kwa heshima tu, kwa kuwa ni jina lake. Mwenyekiti akasema atampigia yeye, na alikuwa sahihi. Katibu akikaa faragha na mwenye maslahi kuzungumzia maneno ya aya inayomhusu, hata kwa nia njema, kesho anaweza kuulizwa kama maneno hayo waliyapanga pamoja.

Wajumbe walipopata taarifa, mmoja alijibu akiomba kwamba, maadamu tunarekebisha, nilainishe pia maoni yake kwenye ajenda ya 4, ambayo akiyasoma sasa anayaona makali. Nilimwandikia kwa upole kwamba daftari langu linaonyesha aliyasema hivyo, na kwamba marekebisho ni ya kilichoandikwa vibaya, si ya kilichofikiriwa upya. Akiwa na mtazamo mpya, anaweza kuutoa kikao kijacho na utaandikwa huko. Alinielewa, ingawa haikuwa barua rahisi kumwandikia mtu aliyenizidi umri na cheo.

Kwenye kikao kilichofuata, ajenda ya kuthibitisha kumbukumbu ilichukua dakika sita. Mwenyekiti alisoma aya ya zamani, akasoma inayopendekezwa, akauliza kama kuna anayekumbuka tofauti. Hakuna. Kumbukumbu za siku hiyo zikaandika kwamba kumbukumbu za kikao kilichopita zimethibitishwa baada ya aya ya 6.4 kurekebishwa, na maneno mapya yakanukuliwa yote. Aliweka sahihi kwenye toleo lililorekebishwa na sahihi fupi pembeni mwa kila ukurasa. Siku ile ile wakili akapata dondoo yake, na mkaguzi akapata nakala iliyothibitishwa pamoja na barua ya kumwomba aiondoe rasimu ya awali kwenye jalada lake.

Kama sahihi ingekuwa imeshawekwa kabla sijaliona kosa, nisingegusa ukurasa ule kabisa. Kumbukumbu zilizosainiwa hazichomolewi kitabuni na kuwekwa karatasi nyingine. Bodi ingepitisha marekebisho kwenye kikao kipya, yakaandikwa humo, na kwenye ukurasa wa zamani ningeandika pembeni tu "tazama marekebisho" na tarehe ya kikao kilichorekebisha, mwenyekiti akaweka sahihi fupi. Kosa lingebaki linasomeka, na sahihisho lingesomeka kando yake.

Barua yangu ipo kwenye jalada la kikao, nyuma ya kumbukumbu zilizosainiwa. Kwenye kiolezo nimefuta maneno "wajumbe wote", na mahali pake kuna nafasi tupu ninayolazimika kujaza idadi ya waliokuwemo ukumbini kwa kila ajenda. Siku hizi mjumbe akisimama kutoka, natazama saa, nauandika muda, kisha naandika idadi ya waliobaki kabla mjadala haujaendelea.