Nilivyohifadhi maziwa ya ng'ombe kwenye friza na yakajitenga

Jamani ngoja niwasimulie hii ya maziwa. Mama anayeniuzia maziwa hapa mtaani alinipa lita sita kwa mpigo maana alikuwa anasafiri, nikayachemsha yote, yakapoa, nikayaweka kwenye friza kwenye chupa za lita moja. Sio mgando huu wa kunywa eeh, nasema barafu kabisa. Chupa sikujaza, niliacha kama vidole vitatu juu kwa sababu maziwa yakiwa barafu yanaongezeka, ukijaza mpaka mdomoni chupa inapasuka.

Baada ya wiki mbili nikatoa moja nikaiweka friji ya chini usiku kucha. Asubuhi nakuta juu kuna punje punje za njano, chini majimaji mepesi. Nikajua yameharibika, nikamwaga lita nzima, mpaka leo inaniuma.

Yule mama aliporudi nikamwambia, akasema "mwanangu hayo ni mafuta tu, ungeyapasha moto ukakoroga." Na kweli. Maziwa ya ng'ombe yana vitone vidogo vya mafuta na kila kitone kina ngozi yake nyembamba inayokifanya kisishikane na kingine, sasa maji yakigeuka barafu yanachoma na kubana zile ngozi zinapasuka, ukiyeyusha mafuta yanashikana yanapanda juu. Ya pakiti hayafanyi hivyo sana maana kiwandani vitone vimeshasagwa vidogo mno. Yakikaa friza muda mrefu hata protini inaanza kushikana, unaona vichembe vyeupe ambavyo hata ukikoroga haviishi vyote, hayo mi napikia uji au chapati.

Chupa ya pili nikainusa kwanza, haina uchachu, nikaitikisa, nikaweka kwenye sufuria moto mdogo huku nakoroga na mchapo. Punje zikayeyuka, nikanywa na chai, ladha ile ile ila kinywani mepesi kidogo na vijicho vya mafuta vinaelea juu.

Yaliyoharibika utayajua: yananuka uchachu, na ukichemsha yanakatika, mabonge huku na maji ya kijani kijani kule. Hayo usiyanywe. Na friza haiui vijidudu, inavilaza tu, ndio maana nachemsha kabla ya kuweka na siyeyushi mezani hata siku moja, juu yanakuwa ya vuguvugu wakati katikati bado jiwe. Nikishayeyusha namaliza ndani ya siku mbili, sirudishi friza.

Umeme ukikatika naangalia chupa, kama bado ina barafu ndani nachemsha hapo hapo natumia siku hiyo, kama imeyeyuka yote na imeshapata joto sijui tangu saa ngapi namwaga, hata kama hainuki.