Sentimita 76.5

Leo binti yangu ametimiza miezi 18. Muuguzi alimlaza kwenye ubao wa kupimia urefu, akaniambia, "Mama, mshikie kichwa kiguse ubao." Yeye akamnyoosha magoti, akasogeza kibao mpaka kwenye nyayo. Sentimita 76.5. Nilirudia kuisoma namba hiyo njia nzima.

Alizaliwa na 49, urefu wa kawaida kabisa. Tundu kwenye ukuta wa vyumba vya chini vya moyo lilikuwepo tangu tumboni, ila wiki za mwanzo mishipa ya mapafu ilikuwa bado imebana, kwa hiyo damu haikupita tunduni kwa wingi. Mishipa ilipolegea, damu ikafurika mapafuni. Akawa ananyonya dakika tano, paji la uso linalowa jasho, anaachia ziwa akihema, kisha usingizi unamchukua na njaa yake. Kidogo alichomeza kiliishia kwenye kupumua na mapigo ya moyo.

Uzito ndio uliotangulia kusuasua. Urefu ulifuata, na huo ndio ulioniogopesha zaidi, kwa sababu uzito uliwahi kunidanganya. Akiwa na miezi minne aliongezeka gramu 300 ndani ya siku chache, nikafurahi mno. Daktari akampapasa tumbo, akakuta ini limevimba: yalikuwa maji. Dawa ya kutoa maji ilipoanza kazi, gramu zile zote zikaondoka. Mifupa haivimbi kwa maji. Kati ya miezi miwili na sita alirefuka sentimita 5 tu, wakati wastani wa wasichana ni zaidi ya 8.

Alifanyiwa upasuaji akiwa na miezi sita, urefu 60. Wiki chache baadaye alianza kunyonya mpaka akashiba, bila jasho, na mashavu yakajaa. Lakini miezi mitatu ilipita kaongeza sentimita 3 pekee. Nililia pale kliniki. Daktari alirudia kipimo cha moyo kwanza, ahakikishe hakuna tundu lililobaki, maana hilo lingeweza kumzuia kukua. Lilikuwa limezibwa sawasawa. Akanieleza kwamba mara nyingi mwili hurudisha nyama kwanza, kisha ndipo mifupa ifuate.

Ikafuata kweli. Miezi mitatu iliyofuata alirefuka sentimita 5, wastani ukiwa kama 4. Tangu hapo mpaka leo ameongeza 8.5, wakati wastani haufiki 7. Hiyo kasi ya kuwazidi wenzake ndiyo inayoonyesha kwamba anafidia. Bado yuko chini ya mstari wa katikati wa chati ya ukuaji, ambao kwa umri wake ni 80.7, ila ule mstari wa chini wa hatari ameuvuka. Watoto waliozaliwa wadogo sana, au wenye tatizo la kijenetiki kama Down, wanaweza wasiufikie hata moyo ukitengenezwa vizuri.

Akifika miaka miwili atapimwa akiwa amesimama. Muuguzi amenionya mapema: kusimama hupunguza kama sentimita 0.7, nisije nikadhani amerudi nyuma. Nimeiandika kwenye kadi yake, kwa kalamu nyekundu.