Dawa ya damu ilivyomfungia mwanangu choo, na tulivyorekebisha dozi na chakula

Naandika hii kwa akina mama wenye watoto waliopewa dawa ya kuongeza damu kisha choo kikawa kigumu, maana hapa Wete nimeshaonana na wengi wanaoiacha dawa kimya kimya na damu ya mtoto inabaki pale pale.

Wangu alikuwa mwaka na miezi miwili, kilo 8, damu 8.6. Kwanza walimpima malaria, haikuwepo, ndo wakamuandikia dawa ya damu, yaani chuma. Hicho kipimo msikirukeni, utafiti ulofanywa hapa hapa Pemba ukachapishwa mwaka 2006 ulionesha kuwa watoto waliopewa chuma na foliki kwa jumla bila kupimwa, wakati ule malaria imejaa, walilazwa na kufariki zaidi. Kwahiyo mtoto akiwa na homa usianze tu dawa ya damu kwa vile iko kabatini.

Chupa ya kwanza ilienda vizuri kabisa. Choo kilikuwa cheusi, kinaelekea kijani kile cha kiza, nikaambiwa ndo kawaida, kile cheusi ni chuma ambacho tumbo halikukichukua kinatoka nje. Weusi peke yake si tatizo, ugumu ndo tatizo, na hivi viwili watu wanavichanganya sana.

Chupa ilipokwisha, nikanunua nyengine duka la dawa, kampuni tofauti, na juu yake pameandikwa kwa kalamu kijiko kimoja asubuhi kimoja jioni. Baada ya hapo mtoto akaanza kukaa siku hata tatu bila kwenda choo, na akienda anajikamua mpaka uso unaiva, analia, kinatoka vigololi vikavu kama mavi ya mbuzi, siku moja pana mchirizi wa damu nyekundu juu yake. Akaanza na kukataa chakula. Baya zaidi ni kwamba mtoto akishaumia mara moja anakizuia choo makusudi, anakaza miguu, anajificha nyuma ya pazia, na kikikaa ndani kinazidi kukauka, kwahiyo ukichelewa tatizo linajizalia lenyewe hata dawa ukiisimamisha.

Nikazichukua chupa zote mbili nikampelekea dokta. Akasema, "Mama, usisome namba kubwa ya mbele, tafuta chuma chenyewe ni miligramu ngapi." Ya kwanza imeandikwa wazi chuma miligramu 30 kwenye mililita 5, na alikuwa akinywa mililita 4 mara moja kwa siku, yaani miligramu 24. Hiyo ndo dozi yake ya matibabu, miligramu 3 kwa kila kilo, mara 8. Ya pili imeandikwa feras fumareti miligramu 140 kwenye mililita 5, na hapo ndo pa kuangalia, kwasababu hiyo 140 ni uzito wa chumvi nzima, chuma ndani yake ni kama theluthi tu, miligramu 45 hivi. Feras salfeti ya kawaida chuma chake ni kama sehemu moja ya tano, glukoneti ni kidogo zaidi, kama 12 kwenye kila 100. Sasa vijiko viwili kwa siku vya ile chupa ni miligramu 90, kwa mtoto wa kilo 8 ni zaidi ya miligramu 11 kwa kilo. Mara tatu na zaidi ya anachohitaji! Tumbo halina pa kukipeleka, kinabaki kwenye utumbo na choo kinakauka.

Na hapo nazungumzia sirapu. Matone ndo makali zaidi, kuna ya chuma miligramu 15 au zaidi kwenye mililita MOJA, ukiyapima kwa kijiko umemzidishia vibaya. Kijiko cha chai cha nyumbani nacho kila kimoja na ukubwa wake, kwahiyo omba sirinji isokuwa na sindano, bei yake ndogo.

Dokta akatusimamishia siku mbili, akatupa laktulosi ya kulainisha choo, akasema tuitumie mpaka choo kiwe laini kwa wiki mbili mfululizo, sio tuiache siku ya kwanza anayokwenda vizuri. Kisha tukarudi kwenye chuma cha ile chupa ya pili kwa nusu, mililita 1.25, na baada ya wiki tukapanda mpaka mililita 2.5 mara moja kwa siku, ambayo ni miligramu 22 na nusu, karibu sawa na ile 24. Namuwekea sirinji kwa ndani ya shavu huku nyuma ili meno yasiingie weusi, halafu namsugua meno.

Upande wa chakula ndo kulikuwa na kazi, kwasababu mama mkwe wangu ana mapenzi na huyu mjukuu na mapenzi yake ni maziwa. Maziwa ya ng'ombe asubuhi, chai ya maziwa na mkate mchana, maziwa tena usiku, mtoto ameshiba hali kitu chengine. Nikamwambia, "Mama, dokta kasema maziwa yasizidi nusu lita kwa siku, na chai asipewe kabisa," akanyamaza kidogo akasema, "Haya mwanangu, lakini asilale na njaa." Maziwa mengi yanakausha choo na yanazuia chuma kisichukuliwe, na chai hivyo hivyo inazuia, kwahiyo unampa dawa kwa mkono huu unaiondoa kwa mkono mwengine. Sasa dawa tunampa katikati ya milo na maji ya chungwa lilokamuliwa, maziwa yanasubiri saa mbili. Tumbo likimuuma nampa baada ya kula, chuma kinachukuliwa kidogo kuliko akinywa katikati ya milo, lakini bora hivyo kuliko kuacha.

Uji mweupe mtupu tumeupunguza. Anakula papai kila siku, embe likiwepo, ndizi mbivu hasa sio zile bado kijani, choroko na kunde zilizopondwa, mchicha, samaki, ini mara moja moja. Maji nampa kidogo kidogo kutwa nzima, ukiongeza vyakula hivi bila maji unaweza kukuta choo kinazidi kuwa kigumu. Na akimaliza kula namkalisha kwenye poti miguu imekanyaga chini, simlazimishi.

Jirani alishauri kipande cha sabuni kule nyuma, nilikataa, pale pameshachanika sabuni inaunguza. Kwa mwenye mtoto chini ya miezi sita anayenyonya, maji na papai sio vyake, mrudishe kwa dokta apange dozi upya.

Kinachotaka uende hospitali siku hiyo hiyo ni tumbo kuvimba na kuwa gumu, kutapika hasa matapishi ya kijani, homa, au choo cheusi chenye kunata kama lami na harufu kali, hicho kinaweza kuwa damu, si chuma. Na mtoto akiinywa chupa mwenyewe (ni tamu, wanaipenda) usisubiri dalili, chukua chupa na mtoto mkimbie, chuma kingi kinaua. Yetu iko juu ya kabati na kifuniko kimekazwa.

Baada ya mwezi damu imefika 10.1, dokta anataka angalau ipande 1 kwa mwezi kwahiyo tumepita, na tumeambiwa tuendelee kama miezi miwili mengine hata ikifika sawa ili akiba ijae. Choo bado cheusi, laini, anakwenda kila siku au anaruka siku moja, na pazia ameliacha.