Siku moja maishani mwangu: Chumba baridi, nyanya na simu isiyonyamaza

Saa 11:00 alfajiri. Kabla ya chai nasoma grafu ya usiku. Katikati ya kreti moja nimezika kifaa kidogo kinachorekodi joto kila baada ya dakika 10, na ninachotaka kuona asubuhi ni mstari uliolala kwenye nyuzi 13. Leo umepanda taratibu hadi 14 na nusu kuanzia saa nane usiku, kisha ukashuka. Umeme ulikatika. Sina wasiwasi, kwa sababu mlango haukufunguliwa na mzigo uliokwisha kupoa hushika ubaridi wake kwa saa kadhaa. Ningekuwa na mzigo wa moto ndani, habari ingekuwa nyingine.

Saa 12:00. Nawapigia wakulima wanaochuma leo. Neno langu ni moja: chumeni sasa, na kreti zikae kivulini. Nyanya iliyochumwa alfajiri huja ikiwa baridi kiasi. Iliyoachwa juani hadi mchana hupata joto kuliko hewa inayoizunguka, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka huifanya izeeke mara mbili hadi tatu kwa kasi zaidi. Saa chache pembeni mwa shamba hula siku ambazo chumba changu hakiwezi kuzirudisha.

Saa 2:30 asubuhi. Amekuja mnunuzi na kreti aliyohifadhi kwake. "Kaka, mzigo wako una ugonjwa." Nazitazama. Zilikuwa kijani zilizokomaa alipozichukua. Sasa zina mabaka, upande mmoja umegeuka rangi na mwingine umekataa, ngozi ina vishimo, na kwenye vishimo kuna ukungu mweusi. Kabla ya kusema lolote namuuliza friji yake ilikuwa nyuzi ngapi.

"Nne. Baridi kali ndiyo inatunza, au sivyo?"

Kwa mboga za majani, ndiyo. Lakini nyanya ambayo bado haijaiva ikikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 12 hivi huumia kwa baridi. Ubaya wake ni kwamba ndani ya friji huonekana nzima kabisa, halafu majeraha hujitokeza ikishatolewa kwenye joto, yaani ikiwa tayari mikononi mwa mteja. Ugonjwa wa shambani kwa kawaida hugusa tunda hapa na pale, tena mengine huja nao tangu mwanzo. Hizi zimeharibika karibu zote, kwa namna moja, baada ya kutoka kwenye friji. Nyanya nyekundu huvumilia ubaridi zaidi, hadi nyuzi 10 au chini kidogo kwa siku chache, ila ladha hupungua. Ameondoka bila furaha, lakini amebadilisha kipimo.

Saa 4:30. Mzigo umefika: kreti 60 za kilo 20. Nachoma kipimajoto cha sindano katikati ya tunda, si kwenye hewa ya kreti. Nyuzi 31. Nikizisukuma hivyo hivyo kwenye chumba, zitachukua karibu siku nzima kupoa, na zitapasha moto zile za jana. Kwa hiyo humo chumbani tunazipanga safu mbili zenye uwazi katikati, tunafunika uwazi huo kwa turubai juu na nyuma, na mbele tunaweka feni inayovuta hewa. Hewa baridi inalazimika kupita ndani ya matundu ya kreti, haina njia nyingine.

Hesabu yake naipenda. Tofauti kati ya tunda na chumba ni nyuzi 18. Kwa mpangilio wangu nusu ya tofauti huondoka kwa saa moja, kwa hiyo tunda linafika 22. Saa ya pili nusu ya iliyobaki, 17 na nusu. Saa ya tatu, 15 na kidogo. Hapo nazima feni. Nyuzi mbili za mwisho zitashuka zenyewe, na feni ikiendelea itazikausha bure.

Kabla ya kuwasha feni tumezichambua kwa rangi. Kreti 20 ni nyekundu, 40 ndiyo kwanza zimeanza kugeuka. Mama mmoja ameomba nimwekee matango yake humo humo. Nimekataa. Nyanya zinazoiva hutoa ethilini, gesi inayoharakisha kuiva, na matango yangegeuka njano kabla ya kupata mnunuzi.

Saa 7:00 mchana. Sasa simu. Mfumo wa taarifa za soko hutuletea bei kwa ujumbe mfupi. Nitataja bei kwa vipimo vya kufananisha tu: soko la karibu 100 kwa kreti, soko la mbali 150 kwa sanduku. Kijana wangu tayari anatafuta gari la kwenda mbali. Nikamwambia aangalie ujazo. Sanduku la kule ni la kilo 32. Gawanya: karibu ni 5 kwa kilo, mbali ni 4.7, na nauli bado. Bei isiyosema ujazo wala daraja la ubora inapoteza watu kuliko kutokuwa na bei kabisa.

Kitu ninachokitazama zaidi ya bei ni idadi ya magari yaliyoshusha. Bei ni habari ya asubuhi iliyopita; magari ndiyo yanayoonyesha kesho. Isitoshe, sote tukisoma bei nzuri ya soko moja na kulikimbilia, tunaiua wenyewe. Leo soko la karibu limeshusha mzigo mwingi, na wakulima wanaoripoti tarehe za kuchuma wanaonyesha pengo baada ya siku nne.

Nyekundu 20 zinauzwa leo, hazina muda wa kusubiri. Swali ni zile 40. Nikiuza leo napata 4,000. Nikizishikilia siku nne, gharama ya chumba ni 3 kwa kreti kwa siku, jumla 480, na kwa uzoefu wangu kreti tatu zitakataliwa. Nabaki na 37 ambazo lazima zilete 4,480, yaani 121 na kidogo kila moja, ili nisipate hasara. Chini ya hapo chumba kinafanya kazi ya kulipia umeme tu, mimi sipati kitu. Watu wengi hupiga hesabu ya kodi ya chumba na kusahau zile zitakazotupwa.

Nikampigia mama anayenunua kwa ajili ya mahoteli. Anataka kreti 30 baada ya siku nne, anatoa 126, amelipa sehemu. Nashikilia 33 ili kufidia zitakazokataliwa, na saba zilizobaki nauza leo na zile nyekundu. Kwa hiyo nashikilia mzigo ambao tayari una mnunuzi, si kwa matumaini ya bei.

Saa 11:00 jioni. Tunapakia. Nyanya zikitoka baridini kuingia kwenye hewa ya joto yenye unyevu hutoa jasho, na maji yale ni mwaliko kwa ukungu. Gari linasogea hadi mlangoni, turubai juu, na tunangoja jua lipungue. Kreti hazipandi kupita alama ya ukingo, maana zikizidi uzito unakaa juu ya tunda badala ya plastiki.

Saa 2:00 usiku. Ujumbe wa mwisho ni wangu kwenda kwenye mfumo: kreti nilizouza leo, ujazo, daraja, na 30 zitakazotoka baada ya siku nne. Wengi hawatumi hili la mwisho, wakiona ni kumfaidisha jirani. Mimi natuma, kwa sababu lile pengo nililolitumia mchana liliripotiwa na wakulima ambao hata siwajui. Kisha napima tunda la katikati: 13.4. Nafunga mlango.